Pedi Nne Mezani

Kabla hajasema neno, mwenyekiti alifungua mfuko, akatoa pedi 4 za Pleisteshen na kuzipanga mezani moja moja, kama mama anavyopanga mafungu ya nyanya gengeni. Moja ilikuwa imechunika mpira wa stiki ya kushoto hadi plastiki ikaonekana. Nyingine ilizungushiwa seloteipu. Mbili zilionekana nzima kabisa.

"Nani mwenye hizi?" akauliza.

Wanachama 42 walikuwa wamekaa mbele yake. Hakuna aliyejibu.

Akainua kasha la diski. "Na hili gemu jipya la mpira ni la nani?"

Hapo mikono zaidi ya 20 ikapaa, na mingine ikapungwa.

"Basi nusu ya hotuba yangu mmeshaitoa ninyi," akasema.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, vipindi vimekwisha, katika maabara ya kompyuta ya shule moja ya sekondari ya kutwa hapa Dar es Salaam. Mwalimu mlezi wa klabu ya gemu ndiye aliyenialika. Anafahamu kuwa kabla ya kuingia kwenye uandishi niliendesha kibanda cha gemu kwa miaka 4, na alitaka mtu wa nje asikilize. Alichoniambia kwenye simu ni kifupi: klabu inataka kugawanyika kwa sababu ya fedha, na binti wa kidato cha tano, ambaye ndiye mwenyekiti, ameomba asimame aseme kabla haijagawanyika. Nilikwenda nikitarajia kusikia ombi la mchango. Nimesikia maombi ya mchango mengi maishani. Hii haikuwa moja yake.

Hali ilikuwa hivi. Ndani ya klabu kulikuwa na makundi matatu. Kundi la mpira lilikuwa na watu 24. Kundi la ngumi, yaani wapenzi wa gemu za kupigana kama Tekken, lilikuwa na watu 10. Kundi la kompyuta lilikuwa na watu 8, ambao hucheza kwenye kompyuta kuukuu za maabara na kuzifungua zinapozima. Kila mwanachama alitoa shilingi 10,000 kwa muhula, lakini hela haikwenda kwenye mfuko mmoja. Ilikwenda kwa mweka hazina wa kundi lake. Mashine yenyewe, PS4 moja na televisheni moja, ilikuwa ya wote kwa sababu mzazi mmoja aliitoa kwa shule.

Ukiangalia mpangilio huo haraka, unaona haki tupu: kila mtu analipia anachokipenda. Mwenyekiti alichukua kalamu akaandika ubaoni jumla ya michango ya mwaka uliopita, mifuko yote mitatu kwa pamoja: 840,000. Chini yake akaandika gemu, 410,000. Pedi, 230,000. Kilichobaki kiliishia kwenye vipuri vya kompyuta, nauli na soda za bonanza. Kisha akaandika neno matengenezo na mbele yake sifuri, halafu kinga ya umeme na mbele yake sifuri nyingine. Akazizungushia zile sifuri mbili duara, akasogea pembeni ili watu wazitazame.

"Tumenunua gemu za laki 4 na ushee," akasema, "na leo mkitaka kucheza watu wanne, pedi nzima ni mbili. Ya tatu imefungiwa kwenye boksi la ndugu zetu wa ngumi, na ufunguo anao mtu mmoja."

Kundi la ngumi likanung'unika. Hakuwasema vibaya lakini. Alieleza kwamba waliifungia kwa sababu waliinunua wenyewe, na wakiitoa itachezewa mpira hadi ife, na ikishakufa kundi la mpira halitawalipa. Kwa hiyo walifanya jambo la akili. Kila kundi lilifanya jambo la akili, na matokeo yake ndiyo yale yaliyokuwa mezani. Mtu akichanga kwa ajili ya kundi lake hununua kitu anachoweza kukionyesha kidole na kusema hiki chetu, na hakuna kitu kinachoonyesheka kwa raha kama diski mpya. Waya wa HDMI hauonyesheki. Hakuna mtoto aliyewahi kuringia kifaa cha kulinda umeme.

Hapa nilianza kumsikiliza kwa sikio la mwenye kibanda, maana aliyoyasema ndiyo yaliyonifilisi mwaka wangu wa kwanza. Mgeni katika biashara hii hudhani hela inakwenda kwenye gemu. Inakwenda kwenye pedi. Na kwa nini pedi hufa ni jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui, ingawa wanazishika kila siku.

Chini ya kila stiki ya pedi ya PS4 kuna vihisio viwili vidogo, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Ndani ya kila kimoja kuna njia nyembamba iliyopakwa kaboni, na juu yake kuna ulimi mdogo wa chuma. Ukisukuma stiki, ulimi unateleza juu ya kaboni, na mashine inasoma umeme unaopita ili ijue umesukuma kiasi gani. Kila msukumo ni msuguano. Baada ya muda kaboni inalika, hasa pale katikati ambapo ulimi hupita mara nyingi kuliko kwingine, na unga wake unabaki humo humo. Mashine inaanza kusoma kwamba stiki imesukumwa wakati hakuna aliyeigusa. Kwenye uwanja wa mpira unaona beki wako anatembea peke yake kuelekea kibendera cha kona. Wachezaji wa mpira huimaliza stiki ya kushoto kwanza, kwa kuwa ndiyo ya kukimbilia na haipumziki dakika zote za mechi. Wa ngumi wengi hutumia vitufe vya mishale, kwa hiyo pedi zao hufa kwa namna nyingine.

Mwenyekiti hakueleza hayo yote. Alifanya jambo bora zaidi: alimwita kijana wa kundi la kompyuta, ambaye alichukua moja ya zile pedi mbili zilizoonekana nzima, akaichomeka kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya Linaksi, akaandika amri moja.

```
jstest --normal /dev/input/js0
```

Programu hiyo huonyesha namba kwa kila stiki, kuanzia -32767 upande mmoja hadi 32767 upande mwingine, na stiki iliyotulia inatakiwa isome sifuri au karibu nayo. Namba ndogo si tatizo, maana gemu nyingi hupuuza mvuto mdogo. Kijana aliilaza pedi mezani, akainua mikono yote miwili juu kama aliyeamriwa na polisi, ili wote waone haigusi. Skrini ilisoma 5,000 na kitu, ikawa inacheza cheza hapo bila kushuka.

"Hii tuliitupa mwezi wa tatu tukasema haishiki chaji," mwenyekiti akasema. "Chaji inashika. Inavuta."

Walikuwa wamezipima zote nne kabla ya mkutano, na hilo ndilo lililoipa hotuba yake uti wa mgongo. Pedi ya kwanza stiki imelika. Ya pili, ile ya seloteipu, betri imechoka. Ya tatu tundu la chaji limelegea, kwa kuwa watu huchomoa waya kwa kuuvuta. Ya nne ilidondoshwa ikapasuka kibao cha ndani, na hiyo ni ya kutolewa vipuri tu. Zote nne zilikuwa zimetupwa kwenye droo moja kama maiti za ugonjwa mmoja, na kumbe tatu zinatibika.

Alikuwa amekwenda Kariakoo na mama yake Jumamosi kuulizia bei. Betri ni rahisi kuliko vyote, unafungua skrubu 4 nyuma na kuchomeka nyingine. Tundu la chaji limekaa kwenye kibao chake chenyewe kilichounganishwa kwa mkanda mwembamba, na fundi anaweza kukibadilisha bila kuchoma risasi. Shida yake ni kwamba vibao hivyo vinatofautiana toleo kwa toleo, na pini za mkanda si idadi moja, kwa hiyo lazima ufungue pedi usome namba ya kibao ndipo ununue. Stiki ndiyo kazi. Imeshikwa na risasi sehemu 14, na fundi asiye na mkono mtulivu anang'oa njia za shaba za kibao pamoja nayo. Fundi aliyempata aliomba shilingi 15,000 kwa stiki moja, kipuri na ufundi pamoja. Pedi iliyotumika lakini nzima, ya kampuni yenyewe, ilikuwa 60,000.

Ningeongeza jambo moja, na baada ya mkutano nilimwambia. Pedi za bei ya chini zinazofanana na za kampuni, zile za 25,000 au 30,000, kwa klabu ni hasara. Nilinunua nyingi kibandani. Stiki zake hulegea mapema, na mara nyingi ndani yake kibao ni tofauti kabisa, kwa hiyo kikiharibika kitu huna kipuri cha kuweka. Namna rahisi ya kuitambua ni kuishika: mara nyingi ni nyepesi, na mtetemo wake unasikika kama nyuki ndani ya kopo.

Pendekezo lenyewe lilikuja baada ya hapo, na alilisema kwa sentensi chache. Mfuko uwe mmoja. Mchango ubaki 10,000 kwa muhula, usipande. Na katika zile 840,000 za mwaka, mafungu yapangwe kwa kufuata kile kinachochakaa, siyo kile kinachopendwa: kwanza pedi na waya 260,000, fundi na usafi wa mashine 60,000, na kinga ya umeme 140,000. Kisha 160,000 iwekwe akiba ya mashine nyingine. Zilizobaki, 220,000, ndizo za gemu.

Kutoka 410,000 hadi 220,000. Kelele zilianza hapo.

Kijana mmoja wa mpira alisimama, mrefu, tai imelegezwa. "Mwenyekiti, kwa heshima. Gemu jipya la mpira peke yake lilikuwa laki na 70. Ukitoa hiyo, wenzetu wanabaki na 50,000. Si utakuwa umewaonea?"

Nilidhani atamjibu kwa maneno ya umoja. Akamjibu kwa kalenda. Gemu hilo, ambalo zamani likiitwa FIFA na tangu 2023 linaitwa EA Sports FC, hutoka toleo jipya kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Septemba. Siku toleo jipya likiingia dukani, la zamani linaporomoka bei, kwa kuwa mnunuzi anataka vikosi vya msimu huu. Klabu ilikuwa ikinunua Oktoba, bei ikiwa juu kabisa, wiki chache kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka, halafu mashine inafungiwa likizo nzima. Wakirudi Januari, wamelipa bei ya juu kwa gemu walilolicheza wiki 5.

"Tununue Januari," akasema, "likiwa na miezi mitatu sokoni na watu wameanza kuuza zao. Tuuze Agosti, kabla jipya halijatoka. Diski inauzika. Tukiipata kwa laki na 10 na kuiuza kwa 60,000, mwaka mzima wa mpira umetugharimu 50,000."

Kijana alikaa chini akiwa bado anahesabu.

Hapo ndipo ubora wa diski unapoonekana, na mwenyekiti alikuwa na kidonda cha kuonyesha. Mwaka uliopita kundi la ngumi lilinunua gemu zake kwa kupakua, siyo kwa diski, kwa sababu kulikuwa na punguzo la bei dukani mwa mtandaoni. Zote ziliingizwa kwenye akaunti ya aliyekuwa kiongozi wao, kijana wa kidato cha sita. Kwenye PS4, gemu lililopakuliwa ni mali ya akaunti, si ya mashine. Mwenye akaunti anaweza kuchagua PS4 moja iwe ya msingi, na kwenye hiyo mtu yeyote anaweza kucheza gemu zake hata kama mwenyewe hayupo. Lakini ni moja tu. Yule kijana alimaliza shule, akanunuliwa PS4 yake nyumbani, akaiweka hiyo kuwa ya msingi, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Jumatatu iliyofuata kundi la ngumi liliwasha mashine ya shule wakakuta kufuli dogo kwenye kila gemu lao. Shilingi 130,000.

Hakukuwa na mwizi hapo. Kijana alipopigiwa simu aliomba radhi, akasema alidhani zile za shule zitabaki. Pendekezo la mwenyekiti lilikuwa fupi: diski daima, na ikibidi kupakua kitu, kipakuliwe kwenye akaunti ya klabu iliyofunguliwa kwa barua pepe ya klabu, nywila yake iwekwe na mwalimu mlezi kwenye bahasha. Na mchango usihesabiwe hisa. Anayemaliza shule haondoki na pedi wala hadai sehemu yake ya diski. Kila kitu kinaandikwa kwenye daftari la mali na kupewa namba.

Kisha akafika kwenye sehemu aliyokuwa anaionea fahari, na hapo ndipo aliposhikwa.

Alikuwa ametunza daftari la saa kwa wiki 8. Kila aliyewasha mashine aliandika kundi, muda wa kuanza na muda wa kumaliza. Alipendekeza zile 220,000 za gemu zigawanywe kwa kufuata saa: kundi lililotumia mashine zaidi lipate fungu kubwa zaidi. Kwenye daftari, mpira ulikuwa na karibu robo tatu ya saa zote za PS4. Kwake ilikuwa njia safi, isiyo na upendeleo, namba tupu.

Binti mmoja wa kundi la ngumi, mdogo, nadhani wa kidato cha pili, aliinua mkono. Alisimama, akasalimia "Shikamoo Mwalimu," akageuka kwa mwenyekiti.

"Dada, sisi saa zetu ni chache kwa sababu tukija tunakuta mpira umeshaanza. Tunasubiri, kengele ya kuondoka inalia. Kwenye daftari lako tumeandikwa sifuri siku hizo, lakini tulikuwepo. Sasa tukipewa hela kidogo kwa sababu hatukucheza, mwakani tutakuwa na gemu chache, na saa zitapungua tena."

Maabara ilitulia. Nimekaa kwenye vikao vingi vya watu wazima, vya mtaa na vya vyama vya kukopeshana, ambako kosa hilo hilo lilifanywa na hakuna aliyeliona: kupima haja ya mtu kwa kile alichofanikiwa kukipata. Daftari la saa lilikuwa kweli kila mstari, na bado lilikuwa linadanganya, kwa sababu halikuwa na safu ya wanaosubiri.

Mwenyekiti alinyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyo raha mbele ya watu. Akasema, "Hilo sikuliona." Akageuka akafuta ubao. Walijadiliana pale pale, mwalimu akiwa kimya nyuma, na wakaja na kanuni nyingine. Kila kundi lina uhakika wa ununuzi mmoja kwa mwaka, hata kama lina watu 5. Hakuna kundi linaloweza kuchukua zaidi ya nusu ya fungu la gemu, hata kama lina watu 100. Na daftari linaongezwa safu: aliyekuja akakosa nafasi anaandika jina la kundi na saa aliyosubiri, na hiyo nayo inahesabiwa wakati wa kupanga zamu.

Kundi la kompyuta lilikuwa na swali lake, na ni la haki. Gemu zao nyingi ni za bure. Wanacheza SuperTuxKart, mbio za vigari, inayokwenda hata kwenye kompyuta ya zamani, na tangu toleo la 1.0 la mwaka 2019 inachezwa kwa mtandao wa ndani wa maabara bila intaneti. Kwa nini walipie pedi za watu wa mpira? Jibu walilokubaliana ni kwamba fungu la pedi na waya ni la vifaa vyote vya kushika mkononi, kibodi na mausi vikiwemo, na kwamba ununuzi wao mmoja wa mwaka si lazima uwe gemu. Wakitaka memori ya kompyuta, wachukue memori. Wakaridhika, ingawa si sana. Nadhani bado wanabeba zaidi ya mzigo wao, na nilimwambia mwalimu hivyo. Alisema watalitazama upya baada ya mwaka.

Mwalimu mwenyewe aliingilia mara moja tu, kuhusu umri. Kwenye makasha ya gemu zinazouzwa hapa mara nyingi kuna alama ya PEGI, namba ndani ya mraba inayosema gemu linafaa kuanzia umri gani. Gemu la mpira lina 3. Tekken 7 ina 16. Mortal Kombat 11 ina 18. Klabu ina watoto wa kidato cha kwanza wa miaka 13 na 14. Alisema hatasaini ununuzi wa chochote chenye 18, na chenye 16 kitachezwa siku za kidato cha tano na sita pekee. Hakuna aliyebisha, na sidhani kama ilikuwa ya kubishaniwa.

Umeme aliuacha mwisho, na aliupitia kwa haraka kuliko ningependa, kwa hiyo nieleze mimi. Watu hudhani gharama ya umeme kwenye gemu ni ya LUKU. Siyo. PS4 na televisheni ya wastani kwa pamoja hula kama wati 200 hivi, yaani saa 5 za kucheza ni uniti moja, na uniti moja kwa mtumiaji wa kawaida ni kama shilingi 350. Gharama iko kwenye kukatika. Umeme ukikatika ghafla wakati mashine inaandika kwenye diski ngumu, ikiwashwa tena inalalamika kwamba haikuzimwa ipasavyo na inaanza kukagua hifadhi. Mara nyingi inapona. Isipopona, unaizima kabisa, unashikilia kitufe cha kuwashia hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde 7, inaingia kwenye hali ya dharura, na humo unachagua `Rebuild Database`. Ikifika mahali unarudia hivyo kila wiki, diski ngumu inakufa, na maendeleo yote ya wachezaji yaliyohifadhiwa humo yako hatarini. UPS ndogo ya VA 650 haiwezi kuendesha mechi nzima. Inatoa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, na hizo ndizo unazolipia. Kwa mashine isiyo na mbadala, ningeinunua kabla ya pedi hata moja.

Kingine cha bei ndogo kabisa nilichowashauri ni kipande kifupi cha waya wa kuongezea HDMI, kichomekwe nyuma ya PS4 na kisitolewe tena. Mashine yao hubebwa kila wiki kutoka ofisi ya mwalimu hadi maabara, na kila mara tundu la HDMI linachomekwa na kuchomolewa. Tundu hilo likilegea, fundi anadai hela nyingi na anaweza asifanikiwe. Kipande kile kinachakaa badala yake.

Kabla ya kura nilimwuliza mwenyekiti swali langu moja. Akiba ya 160,000 kwa mwaka haitawafikisha PS5 hadi yeye awe ameshamaliza chuo kikuu. Je, si afadhali waongeze akiba au waiache?

"Anko, hatuweki ya PS5," akanijibu. "Tunaweka ya PS4 nyingine iliyotumika. Laki 5 hivi, miaka 3. Pedi tulizonazo hazichezi gemu za PS5. Tukiwa na PS4 mbili, pedi ni zile zile, diski ni zile zile, na wale wanaosubiri hawasubiri tena."

Nilikuwa nimekuja na jibu langu tayari, kwamba diski nyingi za PS4 zinakubali kwenye PS5 yenye sehemu ya diski, kwa hiyo hasara si kubwa. Lakini yeye alikuwa anafikiria foleni, mimi nilikuwa nafikiria mashine. Sikuwa na la kuongeza.

Kura ilipigwa kwa mikono. 31 walikubali, 7 walikataa, wengine hawakuinua kabisa. Waliokataa wengi walikuwa wa mpira, akiwemo yule mrefu, ambaye baadaye nilimwona akinakili ratiba ya Januari na Agosti kwenye daftari lake.

Watu walipoanza kutoka, kijana wa ngumi alikwenda kabatini, akafungua lile boksi, akaileta pedi yao mezani. Ilikuwa safi, stiki zake bado zina ngozi. Yule binti wa kidato cha pili alitoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye begi, nyekundu, akaandika mgongoni mwa pedi namba 5, akaipuliza ikauke. Mwenyekiti alifungua daftari la mali, akachora mistari kwa rula, na kwenye safu ya mmiliki akaandika neno moja: klabu.